Riba haiongezi petroli: Uingereza nilipo na Tanga nilikotoka

Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na mafuta yakapanda bei duniani, kaka yangu anayeshusha samaki Deep Sea, Tanga, alipunguza safari za baharini kutoka sita kwa wiki hadi nne, kwa kuwa petroli ya mashine ya boti ilikuwa ikimeza karibu mauzo yote. Samaki wakaadimika, na hao wachache wakawa ghali. Huku Uingereza, bili yangu ya gesi ilipanda kwa sababu hiyo hiyo.

Huo ndio mshtuko wa ugavi, nao humweka gavana wa benki kuu njia panda. Bei zikipanda kwa sababu watu wananunua mno, riba ya juu huzipoza. Zikipanda huku uzalishaji ukishuka, kupandisha riba huzidi kuudhoofisha uchumi, na kuishusha huchochea bei. Wala riba haizalishi hata lita moja ya petroli.

Benki Kuu ya Uingereza, ambayo lengo lake ni mfumuko wa bei wa asilimia 2, ilipandisha riba. Agosti 2022 ilifikisha riba asilimia 1.75 siku ile ile ilipotabiri kwamba uchumi ungesinyaa. Mfumuko ulifika asilimia 11.1 Oktoba, na riba asilimia 5.25 Agosti 2023. Niliilaumu sana wakati huo, lakini baadaye nilielewa ilichokiogopa. Kazini kwetu tulidai nyongeza ya mshahara ili tumudu bili. Mwajiri akakubali, kisha akapandisha bei ya huduma zake, na wateja wake nao bila shaka wakadai nyongeza kwao. Mzunguko huo hauhitaji tena gesi kuwa ghali, na ndio ambao riba inaweza kuukata. Ubaya ni kwamba hukata kwa kuchelewa: mikopo mingi ya nyumba huku hufungwa riba kwa miaka miwili au mitano, hivyo wapo walioanza kuumia wakati gesi imeshashuka bei.

Nyumbani, Serikali ilitoa ruzuku ya mafuta ya shilingi bilioni 100 Juni 2022, na mfumuko ulibaki chini ya asilimia 5. Ruzuku ina gharama yake kwa hazina, lakini iligusa pale palipouma. Kaka yangu hukopa kwenye kikoba. Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kutumika kama dira ya sera Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, haimfikii moja kwa moja. Kwa hiyo naona Benki Kuu yetu ina sababu kubwa zaidi ya kuvumilia wimbi la kwanza la bei, mradi ichunguze la pili, la mishahara na bei kufukuzana. Mimi ningeangalia Ngamiani, kwa kinyozi na fundi cherehani wa kukanyaga kwa mguu, ambao hawachomi petroli yoyote: wao wakianza kupandisha bei mwezi baada ya mwezi, basi muda wa kuvumilia umekwisha, hata kama boti bado zimefungwa ufukweni.