Kotesheni imeenda, mteja kimya

"Bro, nikishatuma kotesheni ya madirisha nimfuate mteja mara ngapi, na nipishanishe siku ngapi? Nikimfuata sana ananibloku, nikinyamaza napita site nakuta fundi mwingine ameshafunga."

Kwenye hili mafundi wa aluminiamu hapa Dar wamegawanyika makundi mawili na kila kundi lina hoja. Kuna wale wa "mteja akitaka atakuja mwenyewe", anatuma kotesheni mara moja basi, na kuna wale wa kila asubuhi "habari za leo boss, vipi tumefikia wapi?" mpaka mtu akiona namba yao anageuza simu kifudifudi.

Tuanze na wanaonyamaza maana watu wanawadharau bure. Wameshika kitu kimoja cha kweli, kwamba ukimfuata mteja mikono mitupu anasoma njaa. Ujumbe wa tatu wa "nakukumbusha tu" yeye anausikia kama "nina shida ya kazi, nipunguze bei", na akirudi anarudi na "fanya milioni mbili na nusu basi" kwa kazi uliyompa milioni tatu na laki mbili. Nimeliona kwangu mwenyewe, kazi niliyoikimbilia sana ndiyo niliyoifanya kwa faida ya nauli. Wanapokosea ni kudhani kimya cha mteja ni hapana, wakati mtu anayejenga ana mambo kumi kichwani, fundi wa lipu anamdai, tanki halijafika, na kotesheni yako imeshazama chini ya meseji mia mbili za magrupu ya harusi na misiba.

Kundi la pili nalo wako sahihi kwamba kazi nyingi haziji kwenye ujumbe wa kwanza. Shida yao ni kuhesabu mara bila kuangalia wanabeba nini. Mimi kipimo changu ni kwamba kabla sijatuma najiuliza, huyu akishasoma atajua kitu gani ambacho jana alikuwa hajui? Kama hakuna, situmi, hata kama daftari linasema leo ndiyo siku.

Sasa hesabu. Kwa nyumba ambayo lipu imeshakauka na grili zipo, mimi naenda mara tano kwa mwezi hivi, na nafasi inazidi kupanuka: kotesheni yenyewe, halafu siku ya 3, ya 8, ya 15, na ya mwisho karibu siku ya 30. Mwanzo karibu karibu kwa sababu siku zile ndiyo anakusanya bei za mafundi watatu wanne na bado anakumbuka sura yako, baadaye mbali mbali kwa sababu kilichobaki ni hela na hela haiharakishwi na meseji. Ila nyumba ikiwa bado iko kwenye linta ratiba hiyo itupe kabisa. Mtu wa linta hana dirisha la kununua leo, hata vipimo vya mwisho huwezi kuchukua maana lipu ikipigwa tundu linapungua, sentimita mbili huku mbili kule, dirisha ulilokata mapema haliingii. Huyo muulize siku ya kwanza "nyumba imefika wapi?" halafu mtafute kwa hatua, akiezeka, akianza lipu. Mara tatu kwa miezi mitano zinatosha na hata haoni kama unamfuata.

Nikupe mfano, mama mmoja wa Goba, madirisha tisa ya kuslaidi yenye nyavu, lipu tayari. Kotesheni nilituma jioni saa 12, sio asubuhi mtu akiwa kwenye foleni, na chini yake swali moja tu la kujibika kirahisi: "Dirisha la bafuni tuweke kioo kisichoonyesha ndani?" Akajibu ndiyo, akanyamaza. Siku ya 3 nikatuma kotesheni imerekebishwa na kioo hicho, nikamwonyesha pia kwamba madirisha ya nyuma yakiwekwa kioo cheupe badala ya cha tinti kuna hela inabaki. Ona hapo, sijapunguza bei, nimempa namna ya kupunguza mwenyewe. Tiki za bluu, kimya.

Siku ya 8 nikatuma video fupi ya kazi niliyokuwa namalizia Salasala, nafungua kioo, navuta nyavu, nafunga loki, basi. Sikuandika "vipi boss". Akarudisha dole gumba. Wengi hapa wanafurahi, wanapiga simu saa hiyo hiyo, mimi nasema dole gumba sio oda, liache.

Siku ya 15 nikabadilisha njia, nikapiga. Kama mara tatu zimepita kwenye wasap, ya nne iwe sauti, na isiwe Ijumaa saa 7 mchana. Nilichoongeza ni kugawa kazi: "Mama, tunaweza kuanza na matano ya mbele uhamie, manne ya nyuma baadaye." Ndipo akafunguka, "mwanangu hela yangu iko kwenye kikoba, tunavunja tarehe 14 mwezi wa 12." Yaani wiki mbili nilikuwa napanga siku zangu kumbe siku ya kweli alikuwa nayo yeye! Lile swali la hela inatoka wapi na lini ningeliuliza kwa adabu siku ya kwanza, ningeokoa jumbe mbili.

Hapo wale wa kunyamaza wanashinda, maana ukishapewa tarehe kufuata katikati ni kelele. Nilituma kitu kimoja tu, kwamba kotesheni yangu ni ya siku 14 kwa sababu vioo na profaili ni vya kuagiza, tarehe ya kikoba ikifika nitaandika upya na bei inaweza kusogea. Ukomo wa bei utaje kama upo kweli. Wale wa "ofa inaisha Ijumaa" halafu Jumatatu bei ile ile, mteja akigundua mara moja ujumbe wako wote uliobaki anausoma kama uongo.

Na ule wa mwisho, wa kuaga, "mama nafunga faili lako, ukiwa tayari namba ni hii", wengine wanauita ujanja. Ni ujanja ukiutuma halafu wiki ijayo ukarudi. Ukiutuma ukanyamaza kweli, unampa mtu aliyekuwa anaona aibu kusema hapana nafasi ya kusema, na hapana nayo inakufaa, unamfuta kwenye daftari.

Kitu kimoja cha kuangalia, andika kila mteja alijibu kwenye ujumbe wa ngapi. Ukiona majibu yote yanakuja kwenye wa pili na simu, na video haijibiwi kamwe, toa video. Ukiona tiki moja siku nne na picha yake ya profaili imepotea, inawezekana kabisa umeshablokiwa, usitafute laini nyingine.

Huyu wa Goba nilimtafuta tarehe 15, siku moja baada ya kuvunja kikoba. Kioo kilikuwa kimepanda kidogo, hakubishana, akatoa asilimia 60 ya madirisha matano. Nilipomuuliza yale manne akasema ada za Januari zipite kwanza, nikaandika kwenye daftari: Goba, manne, mwezi wa 2 mwishoni.