Asilimia moja na nusu ya kiasi gani?

Mwanachama anayekuja kuulizia mkopo kwenye SACCOS yetu ya watumishi huwa na swali moja: riba ni asilimia ngapi? Anajibiwa, anatikisa kichwa, anaomba fomu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mikopo, na nasema wazi kwamba jibu hilo peke yake halimsaidii. Vyama viwili vinaweza kutaja asilimia ileile, kimoja kikamtoza mwanachama riba karibu mara mbili ya kingine, na wala hakuna aliyesema uongo.

Tuchukue mkopo wa shilingi 3,000,000 wa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi.

Chama cha kwanza kinatumia riba ya flati. Kinachukua asilimia 1.5 ya milioni tatu, yaani shilingi 45,000, na kuitoza kila mwezi kwa miezi yote 12. Riba inafika 540,000. Ukijumlisha na mkopo wenyewe na kugawa kwa 12, rejesho ni 295,000 kila mwezi.

Chama cha pili kinatoza riba kwenye salio linalopungua. Mwezi wa kwanza unalipa 250,000 za msingi na riba ya 45,000, jumla 295,000, sawasawa na yule wa kwanza. Hapo ndipo watu wengi wanapoishia kulinganisha. Lakini mwezi wa pili deni lako limeshuka hadi 2,750,000, kwa hiyo riba inakuwa 41,250. Inashuka hivyohivyo mwezi hadi mwezi, na mwezi wa mwisho unalipa riba ya 3,750 tu. Riba yote kwa mwaka mzima ni 292,500. Tofauti na chama cha kwanza ni shilingi 247,500, karibu rejesho zima la mwezi mmoja.

Chama cha pili kingetaka kukusanya zile 540,000 za chama cha kwanza, kingelazimika kutangaza riba ya karibu asilimia 2.8 kwa mwezi. Namba hiyo ingebandikwa ukutani, wanachama wangehoji. Ikiandikwa 1.5 flati, inapita kimya. Ndiyo maana naona kutaja asilimia bila kutaja njia ya kuikokotoa ni kumficha mwanachama jambo, hata kama kila neno kwenye mkataba ni la kweli.

Hasara kubwa zaidi inakuja pale mwanachama anapotaka kumaliza mapema au kuongeza mkopo. Huyu wa flati, baada ya miezi sita, amelipa 1,770,000. Akienda kuuliza anadaiwa kiasi gani, vyama vingine vitamwambia 1,770,000, yaani marejesho sita yaliyobaki kama yalivyo. Ndani ya hiyo kuna 1,500,000 za msingi na 270,000 za riba ya miezi ambayo bado haijafika. Akilipa yote leo, anakuwa amelipia miezi sita ya kukaa na fedha ambazo hatakuwa nazo. Yule wa salio linalopungua angelipa 1,500,000 na riba ya mwezi anaolipia, basi.

Sasa ada ya shule imefika, na mwanachama wetu wa flati anaomba mkopo mpya wa milioni tatu ili wa zamani ukatwe humo. Fomu inajazwa haraka, maana ni mlipaji mzuri. Wanakata 1,770,000, mkononi anapata 1,230,000, kabla hata ya ada na bima. Lakini riba mpya inapigwa kwenye milioni tatu zote. Zile 270,000 za riba ambayo haijafika zimegeuka kuwa msingi, na sasa nazo zinazaa riba. Akirudia hivyo kila nusu mwaka, atakatwa mshahara miaka na miaka huku deni likibaki palepale. Nimeona hati za mshahara za watu wa namna hiyo. Mtu anaona makato ya chama kila mwezi, anaamini anamaliza, na salio halisogei. Tunawaonya wanachama wetu wasikimbilie kausha damu mtaani, na ni sawa kuwaonya. Basi tusiwafanyie jambo linalofanana na hilo kwenye ofisi yao wenyewe.

Ada nazo zisemwe kwa shilingi. Tuseme ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 1, bima ya mkopo asilimia 1, na fomu 10,000. Mkopo wa milioni tatu unakufikia ukiwa 2,930,000, na riba bado inahesabiwa kwenye milioni tatu. Sipingi bima, mwanachama akifariki, ndiyo inayowaokoa wadhamini. Ninachopinga ni mtu kujua makato hayo siku fedha zimeshaingia kwenye simu, zikiwa pungufu ya alizozipigia hesabu.

Faini ya kuchelewa nayo inahitaji sentensi moja tu, ila iwe kamili. Asilimia 5 ya rejesho la 295,000 ni 14,750. Asilimia 5 ya salio la milioni mbili ni laki moja. Mkataba unaosema "faini asilimia 5" na kuishia hapo haujasema kitu.

Mhasibu mmoja aliwahi kunijibu kwamba flati ni rahisi kwa wanachama kwa sababu rejesho halibadiliki. Hoja hiyo ina jibu. Hata riba ya salio linalopungua inaweza kupangwa kwa rejesho moja kila mwezi: kwa mkopo wetu ni kama 275,040, na riba yote inakuwa karibu 300,500. Kompyuta yoyote ya ofisi inatoa jedwali hilo kwa dakika moja. Na kama chama kinahitaji mapato zaidi, kiende mkutano mkuu kiombe riba ya asilimia 2 kwenye salio linalopungua. Riba itakuwa 390,000 kwa mwaka, wanachama watajua wanachokipitisha, na bado itakuwa nafuu kuliko ile 1.5 ya flati.

Ninachotaka kiwe utaratibu ni karatasi moja mbele ya fomu ya mkopo, yenye jina la njia ya riba, kiasi kinachoingia mkononi, rejesho la kila mwezi, jumla utakayolipa hadi mwisho, na kiasi utakachodaiwa ukimaliza katikati. Mwanachama aende nayo nyumbani, amwonyeshe mwenza wake, na mdhamini apate nakala yake kabla ya kusaini, kwa sababu akiba ya mdhamini ndiyo itakayoguswa. Asirudi siku hiyohiyo. Afisa akimwambia fungu la mikopo linaisha Ijumaa, basi asubiri fungu la mwezi ujao.

Kwa aliye ndani ya mkopo wa flati leo, asiongeze mkopo kabla hajaandika barua kwa meneja akiomba salio lake litenganishwe, msingi peke yake na riba peke yake, na aulize kwa maandishi kama riba ya miezi iliyobaki itasamehewa akimaliza mapema. Akikataliwa, apige hesabu ya kumaliza mkopo wa kwanza kwanza. Na jambo hilo alipeleke mkutano mkuu, maana sera ya mikopo inapitishwa na wanachama, na ni wao wanaoweza kuibadilisha. Asiporidhika na majibu ya chama, kwa Tanzania Bara kuna afisa ushirika wa wilaya, na juu yake Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa SACCOS chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Aende na mkataba wake, jedwali la marejesho na hati za mshahara zinazoonyesha makato.