Ruhusa ya Tohara

Mwanangu wa miaka 17 alinipigia simu Agosti 2024: "Baba, mwaka huu nasimama." Kwetu Bugisu, mashariki mwa Uganda, kijana ndiye hutamka mwenyewe kwamba yuko tayari kwa imbalu, tohara yetu ya jadi, na akishatamka mbele za watu hakuna kurudi nyuma. Kazi ya baba ni kutafuta ng'ombe, ulezi wa pombe na ruhusa kazini. Ng'ombe na ulezi nilipata upesi.

Mimi hukagua mizigo kwenye yadi ya malori huko Malaba, mpakani. Bosi wetu ni mtu wa Mbarara, na mambo ya kisu anayasikia redioni tu.

"Mpeleke kliniki Jumamosi," akaniambia. "Nusu saa wamemaliza. Saa nne uko hapa."

Nikamweleza polepole. Kijana huzunguka na ngoma za kadodi kutoka boma hadi boma, njuga zikilia mapajani, akiwaarifu ndugu wa baba na wajomba. Wazee wanampaka chachu ya ulezi mwili mzima. Pombe inakorogwa, na siku ya tatu ni kisu. Anasimama wima uani kwa baba yake, fimbo ameishika mabegani, macho wazi, na hatakiwi hata kupepesa. Akitetemeka, aibu ni ya ukoo mzima. Sasa baba akose kuwapo uani kwake mwenyewe kwa sababu ya kontena la mitumba?

"Basi afanye mwakani."

"Bosi, mwakani ni 2025. Hatukati miaka witiri, ni shufwa tu. Akikosa sasa ni hadi 2026."

"Nani alipanga hivyo?"

"Mababu."

"Wapigie, waambie wasogeze."

Mwishowe alichoka, akanituma kwa binti wa ofisi anayeshughulikia ruhusa. Huyo anaijua sheria kama sala. Siku nne za baba, akasema, ni mke akijifungua tu, na wangu alijifungua zamani. Zilizobaki ni za likizo ya mwaka: siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, lakini tarehe mnakubaliana na mwajiri. Nikamweleza yote upya, kadodi, chachu, wajomba. Akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaandika kwenye kijisehemu cha sababu, ambacho ni kidogo kama kiberiti, neno moja: TOHARA. Jina la mwombaji: langu. Bosi akapokea fomu katikati ya simu, akaweka alama kwenye "ugonjwa", akatia sahihi.

Kufikia saa saba fomu ilikuwa imesomwa na yadi nzima.

Ieleweke kwamba nusu ya wapakiaji wetu ni Wagisu. Na Mgisu mtu mzima akigunduliwa bado ni umusinde, yaani hajatahiriwa, msimu wa imbalu, hasubiriwi ajiamulie. Hukamatwa barabarani, akakatwa palepale. Nilipotoka kula nilikuta watu getini wakipiga madebe matupu kwa mdundo wa kadodi, mmoja amekwisha vunja tawi la kunishikisha. Mlinzi, ambaye hulipwa kuzuia wageni, alikuwa anacheza.

"Kumbe umetuficha miaka yote hii, baba mzima!"

"Ni mwanangu!" nikapiga kelele.

"Wote husema hivyo," akajibu mzee wa mizani, mkubwa wao. Akanyamazisha madebe. "Haya, tuambie. Ulikatwa lini? Si ilikuwa 1997?"

Mtego huo. Muongo angeitikia upesi apone, naye angekuwa amejimaliza, maana 1997 hakuna Mgisu aliyesimama.

"Ni 1998, mzee. Desemba. Na mjomba alinipa mbuzi mwenye jicho moja, mpaka leo mama hajamsamehe."

Mzee akafikiri. Nadhani ni yule mbuzi aliyeniokoa, kwa sababu habari ya mjomba bahili haitungiki. Madebe yakashushwa, kwa masikitiko makubwa.

Kijana alisimama vizuri. Filimbi ikapulizwa, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nilipepesa macho zaidi yake.

Niliporudi kazini nilikuta mto kwenye kiti changu na bahasha ya mchango iliyoandikwa "Pole". Binti wa ofisi akadai cheti cha daktari, kwani fomu inasema ugonjwa na fomu ikishatiwa sahihi haibadilishwi. Nikaenda kwa bosi kumaliza jambo hili. Hakuniacha niseme. Alinyanyuka, akanivutia kiti yeye mwenyewe, akashusha sauti.

"Kidonda kinaendeleaje?"

Kidonda kilikuwepo, kikiendelea vizuri, huko Mbale. "Kinakauka, bosi."

"Wiki mbili usipande lori. Mwingine atakagua."

Nje yalikuwa yamepangana malori ya saruji hadi barabarani, na jua limewaka. Nikamshukuru, nikatoka nikitembea miguu imeachana kidogo.