"Tutafuatilia" si azimio

Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa wetu, na neno linaloniudhi kuliko yote vikaoni ni "tutafuatilia". Nani? Lini? Ukiliingiza hivyo hivyo kwenye muhtasari, mwezi ujao mkifika kwenye yatokanayo kila mjumbe anamtazama mwenzake.

Daftari langu la kikao cha Jumamosi, 8 Machi 2025, lina mstari huu: "Pampu, beringi, fundi, 480?, wiki ijayo, mzee hataki." Kikaoni niliuona umejitosheleza. Usiku, nilipoketi kuusafisha, ukanishinda. Laki nne na themanini ni ya beringi tu, au na ufundi humo humo? Wiki ijayo fundi anakuja, au pesa inatoka? Bahati nzuri sikusubiri siku tatu, maana watu walikuwa bado wanakumbuka. Nikampigia mwenyekiti, kisha mhazini, na majibu yao yakalingana: bei ni ya vyote, na wiki ijayo ni ya kutoa pesa. Siku ya fundi haikutajwa kabisa.

"Basi weka tarehe 17, katibu, yaishe," mwenyekiti akaniambia. Nikakataa kwa heshima zote. Kazi yangu ni kuandika kilichoamuliwa, na hiyo 17 haikuamuliwa na kikao. Nikaandika hivi:

"4.2 Kikao kiliazimia pampu itengenezwe kwa gharama isiyozidi Sh. 480,000, vifaa na ufundi pamoja. Mtekelezaji: Mhazini, atakayetoa fedha hizo ifikapo Ijumaa, 14 Machi 2025. Tarehe ya fundi kufika haikupangwa."

Sentensi ya mwisho inaaibisha kidogo, najua. Lakini ndiyo iliyomfanya mwenyekiti aamke Jumatatu na kumtafuta fundi mwenyewe.

Na yule mzee? Robo saa nzima ya mabishano niliiacha nje. Wapo makatibu wanaoandika kila aliyesema na alichosema, hadi muhtasari unafika kurasa tisa na azimio limezama katikati. Mimi pingamizi naliandika mwenyewe akiomba liandikwe. Nilidhani mzee hakuomba siku ile, ila kikao kilichofuata, tulipokuwa tunathibitisha muhtasari, akanyoosha mkono: yeye hakukataa matengenezo, alitaka kwanza makadirio ya fundi wa pili, na aliomba hilo liandikwe kikaoni. Nikarudi kwenye daftari. Kweli, pembeni nilikuwa nimeandika harakaharaka "iandikwe", nikaipita. Hatukufuta kitu, marekebisho yaliingia kwenye muhtasari wa siku hiyo, chini ya kuthibitisha, ndipo mwenyekiti nami tukasaini ule wa Machi.

Siku hizi, kabla kikao hakijafungwa, naomba dakika tano niwasomee maazimio moja moja: kazi, mtu, tarehe. Wanaguna, hasa jua likiwa linazama, lakini simu za usiku zimepungua.