Viti vitatu, sinki moja: ratiba ya Jumamosi saluni

"Nina viti vitatu hapa Mtwara mjini, wasusi watatu, sinki moja na draya mbili. Jumamosi waliobuku wanalalamika wanakalishwa, wa kupita wakiona foleni wanageuza, na wasusi wanakula saa kumi. Nibaki na miadi peke yake au niachane nayo?"

Anayetetea miadi tupu ana hoja nzito kwenye kazi ndefu. Rasta ndogo zinaweza kumchukua msusi mmoja saa tano, na mteja wa namna hiyo akijitokeza saa sita bila taarifa, ama anaondoka ama anasukwa hadi usiku. Udhaifu wake uko hapohapo: aliyebuku asipotokea, nusu ya siku ya kiti imepotea, na kama wasusi wanalipwa kwa kichwa, hasara inaanzia mfukoni mwa msusi.

Anayetetea wa kupita naye anaijua Mtwara. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mama aliyetoka Tandahimba kufuata mahitaji mjini hawezi kuahidi saa, kwa sababu saa yake inategemea basi. Anataka kuoshwa na kukaushwa, au mwanawe asukwe mabutu, arudi stendi. Ukimwambia "ungepiga simu" umempa jirani yako hela. Lakini saluni ya wa kupita tu inakuwa tupu asubuhi na kufurika mchana, na ndiyo maana wasusi wanakula saa kumi.

Kwa saluni ya ukubwa huu nafuata njia ya kati, ila ugomvi wenyewe naona hauanzii kwenye miadi. Unaanzia kwenye sinki.

Chukua kazi ya kuweka dawa. Kuangalia ngozi ya kichwa na kupaka mafuta ya kinga, dakika 15. Dawa yenyewe, kupaka na kusubiri, isizidi muda ulioandikwa kwenye kopo; tuseme 20. Kuosha kwa shampuu ya kutoa dawa, 20. Rola 25, draya 45, kumalizia 20. Jumla ni saa mbili na dakika 25. Sasa wape wateja wawili wa dawa miadi ya saa 3:00 asubuhi, kila mmoja na kiti chake. Kwenye daftari hakuna mgongano, lakini saa 3:35 wote wawili wanahitaji sinki, na dawa haisubiri zamu. Aliyechelewa dakika 20 anaanza kulalamika kichwa kinawaka, na baada ya siku chache nywele zinakatikia karibu na mizizi. Kwa hiyo daftari liwe na safu nne: tatu za viti, ya nne ya sinki, na mistari ya nusu saa. Wateja wa dawa wapishane nusu saa au zaidi. Na kabla ya kufungua kopo lolote, hakikisha maji yapo kwenye ndoo, maana bomba likikatika katikati ya dawa hakuna ratiba itakayokuokoa.

Jumamosi ya saa 2:00 asubuhi hadi 12:00 jioni inaweza kukaa hivi. Kiti cha kwanza kinachukua rasta saa 2:00 hadi 7:00, ikiwemo kuosha mwanzoni. Kiti cha pili kinaanza dawa saa 2:30, sinki likiwa limeshaachwa na mteja wa rasta, na kumaliza saa 4:55. Msusi wa kiti cha tatu aingie saa 3:00, asipewe miadi hata moja. Huyo ni wa wateja wa kupita. Mchana, kiti cha pili kipokee dawa nyingine saa 7:00, na kiti cha kwanza kazi ya saa tatu kuanzia 8:00.

Mapumziko yapangwe kwa mfuatano: msusi wa pili saa 6:00 hadi 7:00, wa kwanza 7:00 hadi 8:00, wa tatu 8:00 hadi 9:00. Ndivyo hakuna anayekaa zaidi ya saa tano bila kupumzika, wala viti viwili havilali kwa pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya dakika 60 au zaidi. Anayekodi kiti kwako ana mkataba wa aina nyingine, lakini tumbo lake ni lilelile.

Hapa kuna hoja inayosikika sana: mteja yuko chini ya draya dakika 45, basi msusi ale wakati huo. Kwa mwenye saluni ni hesabu tamu, kwa kuwa kiti hakisimami. Siikubali. Mteja ataita joto limezidi, rola imelegea, umeme umekatika, na msusi anaacha sahani mara tatu. Hayo ni kukaa zamu, si mapumziko. Dakika za draya ziwe za kazi fupi. Tazama ratiba ya juu: msusi wa tatu anapokwenda kula saa 8:00, mteja wa dawa wa kiti cha pili anaingia chini ya draya saa 8:20. Msusi wa pili anapata hadi saa 9:05 kupokea mteja wa kupita wa kazi isiyozidi nusu saa. Inapita, ila kwa shida: kuanzia 8:00 hadi 8:20 anayeingia atasubiri, na aambiwe hivyo mlangoni.

Jumla ya saa za mikono siku hiyo ni 26, na zilizobukiwa ni takriban 13, nusu tu. Kuna watakaoona ni uvivu. Lakini nusu iliyobaki ndiyo inayobeba rasta iliyorefuka kwa sababu nywele ni nzito, na ndiyo inayowapokea wa kupita. Jumanne tulivu unaweza kubuku zaidi, kwani hata ukikosea viti vipo. Mkesha wa Idi ratiba hii haifai. Siku hiyo kazi ndefu zisipokelewe kabisa baada ya saa sita.

Aliyebuku akichelewa zaidi ya dakika 15, asifukuzwe. Ahamie foleni ya kiti cha tatu kama kazi yake ni fupi. Wa rasta ndiye tatizo. Kudai kianzio ni haki, ila katika mji ambao mteja ni jirani au somo wa mtu, inasikika kama kumtilia shaka. Njia laini zaidi ni kumtaka alete au anunue nywele bandia saluni siku moja kabla. Ambaye nywele zake ziko kwenye kabati lako hupotea kwa nadra.

Kiti cha wa kupita kizunguke kila wiki, kwa kuwa kipato chake hupanda na kushuka, na msusi mmoja akikibeba daima atakimbia. Pembeni mwa daftari weka alama kwa kila aliyegeuza mlangoni, pamoja na saa. Alama zikirundikana kati ya saa 8:00 na 10:00 mchana kwa Jumamosi kadhaa, miadi ya kuanza kuondoa ni ile ya saa 8:00 kwenye kiti cha kwanza.