Printa na Mac: draiva ya kampuni, au zisemezane zenyewe?

"Kaka, hapa steshenari Chake Chake tumepata Mac, na printa yetu ya laza ipo kwenye waifai. Mac imeiona yenyewe bila ya kuwekewa kitu, lakini kijana mmoja ananambia nisiiamini, nishushe draiva, yaani programu ya kampuni. Nishushe au niache?"

Usishushe kwanza. Kijana ana hoja, na nitaifikia, lakini kabla ya hapo fungua System Settings, nenda Printers & Scanners, ubonyeze Add Printer, Scanner or Fax. Jina la printa likitokea, ligonge mara moja, wala usikimbilie kitufe cha Add. Tazama chini, kwenye mstari ulioandikwa Use. Pakisomeka AirPrint au Secure AirPrint, ambayo ni njia ya Apple ya kuchapisha, Mac itachapisha bila ya draiva. Pakisomeka jina la modeli peke yake, kuna draiva ya kampuni iliyokwisha kuingia kwenye mashine, pengine tangu kwa aliyekuuzia. Nimekutana na watu wanaoilaumu AirPrint kwa makosa ya draiva ambayo hawakujua kuwa wanayo.

Zamani draiva ilikuwa mkalimani. Kila printa ilikuwa na lugha yake, na kompyuta isiyo na mkalimani wake ilikuwa bubu mbele yake. AirPrint ilianza kwenye simu mwaka 2010 na kuingia kwenye Mac mwaka uliofuata, na njia yake ni nyengine. Mac inaiuliza printa yenyewe: una karatasi za saizi gani, unachapa pande mbili, una rangi, doti ngapi kwa inchi? Printa inajibu, na Mac inapanga menyu ya kuchapisha kwa majibu hayo. Kisha inaupeleka ukurasa ukiwa umeshatayarishwa, ama PDF ama picha ya doti, kwa muundo ambao printa imesema inaufahamu. Uzuri na ubaya wa njia hii unatoka mahali pamoja: ambacho printa haikukisema, Mac haitakuonesha.

Kwa printa ya dukani, inayochapa mitihani ya skuli na barua za kuombea kazi, majibu hayo yanatosha. Lakini sababu yangu kubwa ya kukwambia uache ni umeme.

Hapa mtaani kwetu Unguja kuna duka liliweka programu ya kampuni, na programu ile iliiandikisha printa kwa anwani ya IP, yaani namba iliyopewa na ruta, 192.168.1.23. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi. Ruta ilipowaka ilikuwa imeshasahau nani alipewa namba gani, ikaanza kugawa upya. Simu ya mteja ikachukua 23, printa ikapewa 27. Mac ikabaki inabisha hodi kwenye 23, foleni ikajaa kazi, na printa imekaa kimya huku taa yake ya kijani inawaka. Mwenye duka akafuta programu, akaiweka tena, ikakubali. Umeme ulipokatika tena, akarudi palepale.

Printa iliyoongezwa kwa AirPrint kutoka kwenye orodha haishikwi kwa namba. Inashikwa kwa jina inalolitangaza yenyewe kwenye mtandao, kwa hiyo ikipewa 27 au 40, Mac inalifuata jina. Ukitaka kujua yako imeshikwa vipi, fungua Terminal uandike:

```
lpstat -v
```

Ukiona `_ipp._tcp` au `_ipps._tcp` ndani ya anwani ya printa, imeshikwa kwa jina. Ukiona `socket://` au `lpd://` na namba za IP mbele yake, umeme ukikatika unaweza kuyapata ya jirani yangu. Kwa haki, kosa lile si la draiva yenyewe. Draiva nayo inaweza kufungwa kwa jina, au ruta ikaamrishwa iipe printa namba ileile daima. Ila ni watu wangapi wanaoijua nywila ya ruta yao?

Jambo la pili ni umri. Mac zinazotumia chipu za Apple, zilizoanza kutoka mwaka 2020, zinaziendesha draiva za zamani zilizoandikwa kwa chipu za Intel kwa msaada wa Rosetta, mkalimani wa Apple. Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba Rosetta kamili itaendelea mpaka macOS 27 tu. Kampuni isiyoandika draiva mpya kwa printa yako ya zamani inaweza kukuacha na mashine nzima isiyochapa. AirPrint haina cha kutafsiriwa hapo.

Sasa hoja ya kijana. Mwaka jana niliitwa kwenye ofisi moja Vuga yenye mashine kubwa ya kukodi, ile inayochapa, kutoa kopi na kuskani. Mac iliiona kwa AirPrint bila ya tabu. Wakachapisha. Foleni ikasema kazi imekwisha, na karatasi haikutoka hata moja. Wakarudia mara tatu, wakaona Mac ni mbovu. Nilikwenda kwenye kioo cha mashine, nikafungua kumbukumbu ya kazi, nikakuta zote tatu zimefutwa: kila idara pale ina namba yake ya siri, na kazi isiyokuja na namba inatupwa. Mashine hiyo haikumwambia Mac kwamba inataka namba, na Mac haikuwa na sanduku la kuijazia. Draiva ya kampuni ilikuwa nalo. Tuliiweka, tukajaza namba, ikachapa. Kwa ofisi ile, kung'ang'ania AirPrint kungekuwa ubishi tu.

Kwa hiyo dalili ya kuitazama ni hii: foleni ya Mac inajisifu imemaliza, printa haitoi kitu, na kumbukumbu ya mashine inaonesha kazi zimekataliwa. Hapo draiva ina kazi ya kufanya. Vivyo hivyo ukikosa kwenye menyu kitu unachokiona kwa macho kwenye mashine, kama trei ya tatu au kupiga pini. Kusafisha kichwa cha wino hakuhitaji draiva mara nyingi: kuna menyu kwenye printa yenyewe, au ukurasa wake ukiandika anwani yake ya IP kwenye Safari. Kuskani pia, printa nyingi mpya zinaskani kupitia Image Capture bila ya kuongezewa chochote.

Na ikiwa Mac haiioni printa kabisa, usikimbilie draiva, haitakusaidia. Lile jina halivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwengine. Maduka mengi yana waifai mbili, ya wateja na ya wenyewe, na Mac ikiwa kwenye ya wateja haitausikia mwito wa printa. Ihamishie kwanza. Ikishindikana, kwenye dirisha lilelile la kuongeza printa kuna sehemu ya IP: andika anwani ya printa, na kwenye Protocol chagua AirPrint. Itachapa bila ya draiva, lakini sasa umeishika kwa namba, kwa hiyo itafute ile nywila ya ruta uifunge namba hiyo.

Ikiwa kijana wako ameshaweka programu, futa printa kwenye orodha, uiongeze upya, na kwenye mstari wa Use uchague AirPrint mwenyewe. Kisha chapa ukurasa mmoja wa pande mbili, uzime ruta na printa kwa dakika tano, uviwashe, uchape wa pili.