Kuacha dawa ya sonona: miligramu chache za mwisho ndizo zenye kazi

Kwa miaka mingi ushauri wa kawaida ulikuwa kupunguza dawa ya sonona kwa wiki mbili hadi nne, kisha kuacha. Wanaoutetea hawasemi ovyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2024 ulikadiria kwamba dalili zinazotokana na kuacha dawa yenyewe humpata kama mtu 1 kati ya 6 au 7, na zile kali kama 1 kati ya 35. Aliyetumia dawa kwa wiki chache tu hana sababu ya kuvuta miezi.

Kwa aliyeitumia miaka, hesabu inabadilika. Chukua sitalopramu, mojawapo ya dawa hizo. Miligramu 20 huziba karibu asilimia 80 ya visafirishaji vya serotonini kwenye ubongo, yaani protini zinazoondoa kemikali hiyo kati ya seli za neva. Miligramu 9 bado huziba kama 70, na 5 kama 60. Kwa hiyo ukishuka kutoka 20 hadi 10, ubongo hauhisi mengi. Ukitoka 5 hadi sifuri, asilimia 60 inaondoka kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu hupunguza nusu bila shida, halafu anaangukia hatua ya mwisho.

Ratiba inayofuata mantiki hiyo ni 20, 10, 5, 2.5, kisha 1.25, kila hatua wiki mbili hadi nne, na mgonjwa asishuke tena kabla hajatulia. Kikwazo ni vipimo: kidonge cha 20 kinagawanyika vizuri hadi robo, lakini chini ya hapo inahitajika dawa ya maji au mfamasia wa kuiandaa, na si kila mahali vinapatikana. Kumeza siku moja na kuruka nyingine si mbadala, kwani kiwango cha sitalopramu mwilini hushuka kwa nusu kwa takriban siku moja na nusu.

Sasa, mgonjwa akianza kulia na kukosa usingizi, ni dawa au ugonjwa? Tazama kwanza kalenda. Dalili za kuacha huanza siku chache baada ya kupunguza, na huja na mambo ambayo sonona haikuwa nayo: kama shoti ya umeme kichwani, kizunguzungu, kichefuchefu. Sonona hurudi polepole, kwa wiki au miezi, kwa sura yake ile ile ya zamani. Dozi ya awali ikirudishwa, dalili za kuacha hupoa ndani ya siku chache. Sonona huchukua wiki kadhaa. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huvuruga kipimo cha kalenda, kwani hukaa mwilini muda mrefu na dalili zaweza kuchelewa wiki kadhaa. Mawazo ya kujiua yakijitokeza, usisubiri kutofautisha: mwone daktari siku hiyo hiyo.

Kuudhania ugonjwa uliorudi kuwa dalili za kuacha dawa nako ni hatari. Katika jaribio la ANTLER la Uingereza, lililochapishwa 2021, asilimia 56 ya walioacha walirudiwa na sonona ndani ya wiki 52, dhidi ya asilimia 39 ya walioendelea na dawa. Wakosoaji wanajibu kwamba dawa iliondolewa kwa takriban miezi miwili tu, hivyo baadhi ya waliohesabiwa huenda walikuwa na dalili za kuacha. Hoja hiyo ni ya haki, lakini haifuti pengo lote. Aliyewahi kupata sonona mara tatu au zaidi anapaswa kulipima hilo na daktari wake kabla ya kukata robo ya kwanza.